Elfu Saba Zilirudi: Kuandika Mswada wa Safari ya Basi

Anayeandika shairi huandika juu ya ukurasa mtupu. Anayeandika mswada wa video huandika juu ya ukurasa ambao tayari umekaliwa, kwa kuwa picha imekwisha kufika kabla yake, imesema sehemu yake, tena imeisema kwa haraka ambayo neno haliwezi kuifikia. Mtazamaji akiuona mbuyu hana haja ya kuambiwa kwamba ule ni mbuyu. Kwa hiyo swali la kwanza la mwandishi wa mswada haliwi "niseme nini juu ya hiki?" bali "picha imenyamaza wapi?" Hapo iliponyamaza ndipo penye kazi yake, na mara nyingi pana upana wa sekunde sita au saba tu.

Nalitafakari jambo hili tangu mpigapicha mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, aliponitaka nimwandikie maneno ya video ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Alitaka video ya dakika nane. Safari yenyewe ni ya zaidi ya kilomita 800, na siku ile ilituchukua saa kumi na nne, tangu stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis alfajiri hata taa za Mbeya usiku. Tulirudi na picha za saa nne hivi. Kupata dakika nane ndani ya saa nne si kazi ngumu kwa mwenye mkasi. Ugumu ni kupata kisa, kwa maana safari ndefu ya basi, ukiitazama kwa ukweli wake, haina kisa. Watu wanakaa, wanalala, wanakula mahindi, wanaamka, wanauliza wamefika wapi. Mwendo upo tele, lakini mwendo si tukio.

Wengi wanaoipiga picha njia hii huitegemea njia yenyewe iwape kisa, na kweli njia ni ya ukarimu. Baada ya Morogoro barabara hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na abiria wote huegemea vioo kutafuta twiga na tembo, huku mabango ya kando yakitaja faini ya kumgonga kila mnyama. Kisha huja bonde la Ruaha lenye mibuyu mingi, kisha mlima Kitonga ambako malori hupanda kwa mwendo wa mtu mwenye gunia kichwani, kisha baridi ya Iringa na misitu ya misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga. Yote tulikuwa nayo. Yote ni mazuri. Lakini video zenye mambo hayo hayo ziko nyingi, na ukizitazama tano mfululizo huwezi kukumbuka ni nani aliyekuwa ndani ya basi lipi. Mikumi niliipa sekunde ishirini, bila neno hata moja, na mpigapicha alininunia kwa siku mbili.

Kazi yangu ndani ya basi ilikuwa daftari. Kila kilichonivuta nilikiandika kwa namna moja: saa, kitenzi, na mtu. Sikuandika sifa. "Mzuri," "mnyonge," "mchangamfu" ni maneno yanayofaa kwa barua, lakini katika daftari la mswada hayakusaidii kuipata picha baadaye. Kitenzi hukusaidia. Ukiandika "amefunga," mhariri atatafuta mikono inayofunga. Ukiandika "ana huzuni," atatafuta nini?

Na hapo kwenye saa Mswahili ana mtihani wake. Saa ya kamera huhesabu tangu usiku wa manane, nasi twahesabu tangu jua kuchomoza. Nilipoandika saa 6 na dakika 10 mchana, kamera ilikuwa imeandika 12:10. Tofauti ya saa sita ni rahisi kuijua, lakini baada ya safari ya kutwa, macho yamejaa vumbi, ni rahisi pia kuisahau ukaenda kutafuta jambo la mchana katika picha za alfajiri. Kwa hiyo tulipokuwa bado stendi nilimwomba mpigapicha aipige picha saa yangu ya mkononi kwa sekunde tatu. Picha ile moja ilitosha kulifunga daftari langu na kamera yake pamoja kwa siku nzima.

Daftari lilikuwa na mambo arobaini na kidogo. Mengi yalikuwa madogo yasiyozaa. Moja nililipenda kwa ajili ya lugha tu: kondakta aliposimama katikati ya basi, mahali pasipo na nyumba wala kibanda, akatangaza, "Haya, wa kuchimba dawa, dakika tano!" Wasomaji wasio wa Tanzania huenda wakadhani abiria wetu wote ni waganga. Kuchimba dawa ni kwenda kujisaidia kichakani, na ni tafsida iliyokomaa hata watu wazima wakwe kwa wakwe huisema bila kuona haya. Sauti ile ya kondakta niliiacha kama ilivyo, bila maelezo, juu ya picha ya milango ikifunguka. Anayejua atacheka. Asiyejua ataona watu wakitawanyika vichakani, nao wakirudi bila mizizi wala magome, ataelewa.

Jambo lililobeba video lilitokea Ruaha Mbuyuni.

Mahali hapo pako bondeni, baada ya Mikumi na kabla ya kupanda Kitonga, na pana joto. Basi likipunguza mwendo, wachuuzi hulifuata wakiinua vitunguu vilivyofungwa katika vifuko vya nyavu, wengine wamevitungia kwenye fito ili vifike dirishani. Kiti cha mbele yetu alikaa mama mmoja wa makamo aliyepita, ambaye tangu asubuhi hatukuwa tumezungumza naye zaidi ya "Shikamoo mama" na "Marahaba wanangu." Alinunua kifuko cha shilingi 2,000. Akatoa noti ya 10,000. Kijana akaipokea, akageuka kuwatafutia chenji wenzake, na basi likaondoka.

Ndani ya basi watu walipaza sauti, "Dereva, subiri! Chenji ya mama!" Nje kijana alikimbia akiwa ameinua mkono wenye noti. Alikimbia vizuri, kwa kweli. Alikaribia gurudumu la nyuma, kisha barabara ikanyooka na akaanza kuwa mdogo. Mpigapicha alikuwa ameipata mbio ile yote tangu mwanzo hata vumbi lilipomfunika, sekunde kumi na moja. Mama hakupiga kelele. Alikitazama kioo cha nyuma, kisha akavitazama vitunguu, kisha akakaa.

Baada ya muda tulisimamishwa na askari wa usalama barabarani, ukaguzi wa kawaida. Dereva alishuka na karatasi zake. Mpigapicha, akiona hapana la kupigwa, alifungua kamera kubadili betri. Ndipo pikipiki ikasimama chini ya dirisha la mama. Kijana wa vitunguu hakuwamo. Alikuwa amemtuma mwenye pikipiki. "Mama wa vitunguu nani?" aliuliza. Akampa noti ya 5,000 na mbili za 1,000. "Kasema nikate elfu yangu ya mafuta." Mama akasema, "Haki yako, mwanangu. Mwambie Mungu amzidishie." Pikipiki ikageuka. Kamera ilipowaka tena, mama alikuwa amezitandaza zile noti tatu juu ya paja, akizinyoosha moja moja, na mpigapicha akaipata mikono yake ikizifunga katika pindo la kanga. Sekunde tisa.

Tazama basi tulichokuwa nacho. Mkono ukipokea vitunguu, sekunde tano. Mbio, sekunde kumi na moja. Mikono na pindo la kanga, sekunde tisa. Na katikati, pale kisa kilipogeuka, hapana picha.

Mpigapicha alikuwa na dawa ya tatizo hilo. Tulipofika Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, ambapo basi lilisimama ili watu wale, alipendekeza tumwombe mama arudi dirishani, na kijana yeyote wa pale stendi ampe noti zile zile kutoka nje. Kazi ya dakika mbili. Mibuyu haionekani kwenye kioo, alisema, hakuna atakayejua kwamba si Ruaha. Nilikataa, na sababu yangu ya kwanza haikuwa ya maadili, ingawa ya maadili ilikuwapo. Ilikuwa ya mikono. Mtu anayepokea fedha ambazo hakuzitarajia tena huzipokea kwa namna ambayo hawezi kuirudia. Vidole huchelewa kidogo, kana kwamba vinauliza. Anayepokea noti alizozitoa yeye mwenyewe dakika moja iliyopita huzipokea kama anayepokea sahani. Mtazamaji hatajua amedanganywa wapi, lakini tangu hapo hataziamini hata zile sekunde tisa za pindo ambazo ni za kweli. Tungekuwa tumeinunua picha moja kwa bei ya nyingine iliyo bora zaidi.

Kwa hiyo pengo lilipaswa kuzibwa kwa neno. Hiyo ndiyo kazi hasa ya msimulizi, na kwa furaha kidogo nilimwambia rafiki yangu kwamba betri yake imenipa ajira.

Kabla ya neno, ruhusa. Nilikaa na mama pale Ipogolo, yeye na chai yake, nikamweleza tunalotaka kulifanya. Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Zile shilingi 8,000 ndizo zilizokuwa nauli yake ya gari la mwisho, la kumtoa njia kuu kumfikisha kijijini alikokuwa anakwenda kwenye msiba. Hakuwa na nyingine. Katika zile dakika, tangu vumbi la kijana hata sauti ya pikipiki, alikuwa anahesabu atamwomba nani, na kwa maneno gani. Na ile elfu moja iliyokatwa? Akacheka. Mwenye gari angekubali saba, alisema, wakishajua ni msiba.

Mwandishi yeyote akisikia hayo huona kisa chake kimepata uti wa mgongo. Bila nauli, ni habari ya chenji. Pamoja na nauli, ni habari ya mtu aliyekaribia kukwama usiku katika mji asio na ndugu. Lakini mama aliendelea: "Semeni vitunguu. Nauli msiseme. Watu wangu wataiona hiyo video, waseme nilikuja msibani sina kitu." Nikamwuliza kama naweza kuyaandika mahali pengine, bila sura yake, bila sauti, bila kijiji. Akafikiri. "Ukiandika bila mimi kuonekana, andika." Ndiyo maana msomaji unayasoma hapa, na ndiyo maana kijiji sikitaji.

Mswada, basi, ulipaswa kuubeba uzito ambao haukuruhusiwa kuutaja.

Sasa niingie katika hesabu, nadhani wasomaji wa ukumbi huu hawataikimbia. Watu wa video hupima maneno kwa idadi: maneno mangapi kwa dakika. Kipimo hicho kimetoka katika lugha zenye maneno mafupi, nacho hakitufai, kwa kuwa "ni" ni neno moja na "likaondoka" ni neno moja. Mimi hupima kwa mizani, kama tupimavyo mashairi. Nimejirekodi mara nyingi nikisoma kwa utulivu, na kwa sauti yangu mizani nne huchukua sekunde moja. Mshororo wa kawaida wa mizani kumi na sita ni sekunde nne. Atakayejaribu ajirekodi mwenyewe, kwani wako wanaosoma kwa tano au zaidi, lakini ukishaijua yako huhitaji tena kuishika saa, vidole vinatosha.

Maneno yanayokuja ya kwanza juu ya picha za Ruaha, kwa mtu yeyote, ni ya namna hii:

"Ruaha Mbuyuni ni maarufu kwa vitunguu. Hapa wachuuzi hukimbilia mabasi wakiuza bidhaa zao kwa abiria. Kijana huyu anakimbia ili kurudisha chenji."

Hesabu: mizani 63. Kwa sauti yangu ni karibu sekunde kumi na sita. Picha za kununua na za mbio, tano na kumi na moja, nazo ni kumi na sita. Mwenye kupima kwa jicho ataona maneno yameenea vizuri, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo. Hapo ndipo penye ubovu. Maneno yaliyoenea picha nzima hayaachi upenyo wa kusikia pumzi ya kijana wala kelele za abiria, na kelele zile ndizo zilizokuwa tukio. Tena sentensi ya tatu inatoa siri. Ikishasemwa "ili kurudisha," mtazamaji hana la kungojea. Na katika zile sekunde kumi na moja hakuna ndani ya basi aliyejua kama chenji itarudi. Kungojea kule ndicho kitu pekee ambacho mtazamaji angeweza kushiriki pamoja na mama.

Nilichokipeleka ni hiki:

"Alinunua vitunguu vya elfu mbili. Alitoa noti ya elfu kumi. Basi likaondoka."

Mizani 32, yaani mishororo miwili, sekunde nane. Vitunguu havikuhitaji kuelezwa kuwa ni vya Ruaha, kwa sababu jina la mahali lilikuwa kwenye kibao kilichopita dirishani sekunde chache kabla. Maneno yanaanza pamoja na mkono wa mama na yanakwisha kijana akiwa amekwisha kuanza kukimbia. Zilizobaki ni sekunde nane za mbio ambazo msimulizi amenyamaza kabisa, na zinazosikika ni "Dereva, subiri!" na injini.

Kama kuna msomaji anayehesabu pamoja nami na amepata 33, bila shaka ameihesabu "m" ya "mbili" peke yake. Ile haisimami peke yake, husemwa pamoja na "b" kama katika "mbuzi." Ya "Mbuyuni" ndiyo inayosimama. Katika shairi kosa hilo hukuaibisha mbele ya malenga. Katika mswada ni robo ya sekunde, hakuna atakayejua, ila mimi huona raha kuzihesabu sawa.

Kisha pengo. Mbio zilipokwisha, tulikata moja kwa moja kwenye mikono na pindo la kanga. Huo ni mruko mkubwa: kijana amepotea vumbini, mara noti zipo mapajani. Sekunde tisa ni mizani 36 nikizijaza zote, na sikutaka kuzijaza. Jaribio la kwanza lilikuwa na kilomita, askari na ukaguzi, mizani 50, sekunde kumi na mbili na nusu. Halikuingia, na hata lingeingia, askari wangekuwa watu wapya katika kisa ambacho hakiwataki. Nikajiuliza mtazamaji anahitaji kujua nini hasa ili mikono ile ieleweke. Anahitaji pikipiki, kwa kuwa hakuiona. Anahitaji hesabu, kwa kuwa noti zilizo mapajani si nane. Basi.

"Pikipiki ilitufuata. Elfu saba zilirudi. Moja ililiwa njiani."

Mizani 27, haifiki sekunde saba. Kumi kutoa mbili ni nane, na sikuisema nane popote. Nilimwachia mtazamaji aitafute mwenyewe, kwani anayefanya hesabu ya chenji kichwani amekaa tayari kiti cha mama, anazihesabu noti kama alivyozihesabu yeye. Hiyo ndiyo njia niliyoipata ya kulipa jambo uzito wake bila kuitaja nauli. Mtu hazihesabu kwa makini hivyo fedha asizozihitaji.

Na pindo la kanga lilifanya yaliyobaki. Mwanamke wa kwetu mwenye fedha ya matumizi huiweka katika pochi au mkobani, na mama alikuwa na mkoba. Ile ya pindoni ni fedha yenye kazi yake, iliyokwisha kupangiwa. Aliyelelewa na bibi mwenye kanga ataliona fundo lile na atajua kwamba noti zile zina mahali pa kwenda, japo hajui ni wapi. Asiyelelewa hivyo ataona mikono mizuri. Wote wawili hawakudanganywa, na mama hakuumbuliwa.

Nitaje kishawishi kimoja kinachotupata sisi tuliozoea vina. "Elfu saba zilirudi" ni mizani nane kamili, kipande kilichokatika sawasawa, na sikio langu lilitaka kinachofuata nacho kiwe nane. "Moja ililiwa njiani" ni tisa. Kwa kuigeuza kidogo, "moja ikala njiani" au kitu cha namna hiyo, ningepata nane, ningepata na mwimbo. Niliiacha tisa kwa makusudi. Vipande viwili vyenye mizani sawa vikifuatana, msikilizaji wa Kiswahili huanza kungojea kina, naye akishaanza kungojea kina hazitazami tena noti. Mizani katika mswada ni ya kupimia muda. Ikianza kusikika, inashindana na picha.

Sekunde mbili na zaidi zilizobaki baada ya "njiani" ni za fundo lenyewe kukazwa. Hapo niliandika katika safu ya sauti: kimya. Mhariri, ambaye hufanya kazi na muziki kama mpishi afanyavyo na chumvi, alikwisha kuweka kinanda chini ya fundo. Tulizungumza kwa simu kwa nusu saa. Hoja yake ilikuwa kwamba kimya kwenye simu ya mkononi huonekana kama hitilafu, watu hudhani sauti imekatika. Ni hoja ya kweli, na sikuipuuza. Tulikubaliana kwamba kimya kisiwe kitupu: chini yake tuliweka ngurumo ya basi letu lililosimama, injini ikitetema bila kwenda, sauti tuliyokuwa nayo tele. Mtazamaji anajua sauti haijakatika, na anajua pia kwamba basi bado halijaondoka.

Baada ya fundo inafuata Kitonga, sekunde kumi na nne. Lori mbele yetu, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, kona ikifuata kona. Picha ilikuwa safi kwa kuwa mpigapicha alikuwa amekibana kioo cha kamera dhidi ya kioo cha dirisha na kufunika kwa kitambaa cheusi ili ndani ya basi tusijiakisi, na kiwiko hakukiegemeza popote, maana kiwiko kikigusa bodi mtetemo wote hupanda hadi kwenye picha. Hapo sikuandika kitu. Watu wengine hutaka Kitonga ielezwe. Lakini kwa mtu aliyetoka kulitazama fundo la kanga, mlima ni mahali pa kupumzisha macho, na akiwa mwepesi ataona kwamba kwenye kona ya chini ya picha kile kifuko cha vitunguu kinalala upande huu, kisha upande ule, kadiri basi linavyopinda. Hatukukiweka pale. Kilikuwa pale.

Mama alishuka gizani. Mpigapicha alimsaidia mkoba, mimi nilimpa vitunguu, naye akafungua wavu akanitolea viwili: "Chukueni, mkapikie huko muendako." Kamera ilikuwa imezimwa, na safari hii si kwa sababu ya betri. Video ilipokwisha ilikuwa na dakika saba na sekunde arobaini. Sehemu ya mama ndani yake haitimizi nusu dakika, na maneno yake yote, ukiyaandika mfululizo, hayajazi beti moja ya tarbia.